Yule bosi wa shoka anatudhulumu mchana kweupe!

Shela_Usiku: Jamani, nimetoka kibanda cha gemu Langoni sasa hivi, mikono yanitetemeka kwa hasira. Yule bosi mwamjua, sina haja ya kumtaja. Raundi ya kwanza hana ubaya: ainua bega, apiga mara tatu, shoka lanasa ardhini, wamkata mara mbili watoka. Safi. Damu yake ikifika nusu awaka moto, na hapo ndipo dhuluma. Ainua bega lile lile! Wabingiria kulia kama alivyokufunza mwenyewe, kumbe safari hii afyeka ubavuni. Nimefyekwa mpaka mababu zangu wamekufa upya. Bega LILE LILE, wallahi!

Mkunguni_Kijana: Pole dada, hiyo ni televisheni. Ile ya kibandani picha yake yachelewa. Mwambie mwenyewe awashe `Game Mode`.

Shela_Usiku: Mbona raundi ya kwanza namkwepa kwa televisheni hiyo hiyo?

Fundi_Fremu: Televisheni yachangia, lakini shida kubwa iko kwa bosi. Nilimrekodi kwa fremu 60 kwa sekunde, nikapitia moja moja. Pigo la juu na la ubavuni yafanana mpaka zibaki fremu 8 shoka likufikie. Hiyo ni kama sekunde 0.13. Mtu wa kawaida ahitaji karibu robo sekunde, yaani fremu 15, kuona na kidole kiitikie. Hapo humsomi, wabahatisha. Angeliburura shoka chini litoe cheche kabla ya kufyeka, ungejua mapema. Tena raundi ya pili akimaliza kupiga abaki wazi fremu 20 tu, na upanga mzito wachukua 24 kumfikia. Ukijaribu kujibu, waliwa wewe.

Mtoto_wa_Maweni: Acheni upanga, chukueni kisu, chaingia kwenye hizo 20. Halafu mng'ang'anie mguu wa kushoto, shoka lapita nyuma yako. Mwalia bure.

Fundi_Fremu: Kisu nakubali. Mguuni ni kujificha tu, bado hujamsoma. Na akikusukuma ukutani kamera yaingia ndani ya jiwe, hata hilo bega hulioni.

Mama_Samli: Afadhali nyinyi. Bosi wangu wa hoteli huku Malindi akinuna asubuhi hujui ataka chai au akufuta kazi.

Shela_Usiku: Dada, twazungumzia gemu! BEGA LILE LILE!

Mkunguni_Kijana: Kwa kamera umegusa kidonda, Fundi. Yule nyoka wa kisimani je? Namuona mkia tu, kichwa chanimeza kutoka nje ya picha.

Mtoto_wa_Maweni: Nyoka ndiye mwizi kabisa! Sumu yake haina hata sauti.

Mama_Samli: Wa kwangu ana sauti, yasikika mpaka jikoni.

Mkunguni_Kijana: Umeme umekatika Lamu yote au ni kwangu tu? Nyoka nilikuwa nimembakisha damu ya kidole!