Kichwa kinauma kila mara: darasa la yoga, kunyoosha shingo nyumbani, au kutafakari?

Karani_wa_Upper_Hill: Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba mnisaidie kuamua kabla ya mwisho wa mwezi. Kichwa kinanisumbua mno, na nimepata nafasi katika darasa la yoga huko Kilimani, mara mbili kwa wiki, shilingi 9,000 kwa mwezi. Mwenzangu kazini anasema hizo ni fedha za bure, kwamba ninyooshe shingo nyumbani bila malipo. Dada yangu naye anasisitiza kutafakari kila asubuhi. Kipi kinafaa zaidi?

Mkeka_wa_Alfajiri: Lipia darasa bila kusita. Nina miaka 4 katika yoga, na kichwa kilichokuwa kikiniuma kila Ijumaa sasa hupita miezi miwili bila kunigusa. Nyumbani utanyoosha siku tatu, ya nne utajilaza kwenye kochi, lakini darasani mwalimu anakuona unapopandisha mabega hadi masikioni.

Fundi_wa_Viungo: Ndugu Karani, umetupa bei lakini kichwa chenyewe hujatueleza. Kinauma siku ngapi kwa mwezi? Kinabana pande zote mbili kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu, au kinagonga upande mmoja pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga? Tena umemeza dawa gani, na kwa siku ngapi? Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na bila majibu hayo ningekuwa ninakuchagulia kiatu bila kuuona mguu.

Kijana_wa_Umoja: Maswali ya nini? Maumivu yote ya kichwa hutoka shingoni kwa sababu ya simu. Nyoosha shingo, kunywa maji, na mambo yatakwisha.

Fundi_wa_Viungo: Kijana, nusu ya neno lako ni kweli. Shingo iliyokaza huchochea kichwa kwa watu wengi. Hata hivyo, kwa mwenye kipandauso, shingo inaweza kukaza kwa sababu shambulio lenyewe limekwisha kuanza, naye akadhani shingo ndiyo iliyolileta.

Bi_Mwanakombo: Wanangu, kabla Karani hajalipa, na asikie yaliyonipata. Mwaka jana nilijiunga na darasa moja huku Westlands, ambalo sitalitaja, lenye chumba kinachopashwa joto. Nina kipandauso tangu usichana wangu, na nilimwambia mwalimu hivyo siku ya kwanza. Somo la tatu lilikuwa asubuhi, nami sikuwa nimetia kitu tumboni ila chai ya rangi. Baada ya nusu saa ya jasho alitulaza chali, akatuamuru tuinue miguu na kiuno hadi uzito wote ukakaa mabegani na shingoni. Nilipomwambia kichwa kinaanza kugonga, alijibu kwamba ni sumu zinatoka mwilini. Niliposimama niliona michirizi inayometameta pembeni mwa jicho la kushoto, dalili ninayoijua vyema. Nikaingia kwenye matatu nikitumaini kufika nyumbani, lakini pale Waiyaki Way nililazimika kumwomba kondakta mfuko wa plastiki, naye akasema mifuko ilipigwa marufuku zamani. Nikatapika ndani ya mtandio wangu. Siku mbili sikufungua pazia.

Mkeka_wa_Alfajiri: Pole sana, shangazi. Hilo ni kosa la mwalimu, si la yoga. Mwenye kichwa cha namna hiyo hapewi mikao ya kupindua mwili, wala chumba cha joto, wala somo la tumbo tupu.

Bi_Mwanakombo: Kosa ni la mwalimu, lakini aliyetapika ni mimi. Basi Karani na amwulize mwalimu wake mapema: nikisema kichwa kinaanza, utanifanyia nini?

Mzee_wa_Rongai: Mimi sina haja ya kutafakari, kwani nina sala zangu. Isitoshe, ninasikia yoga ni ibada ya watu wengine.

Mkeka_wa_Alfajiri: Mzee wangu, darasani kwetu mna Waislamu na Wakristo, na kinachofanyika ni kunyoosha mwili na kupumua polepole. Asiyetaka yale maneno ya mwisho hukaa kimya.

Karani_wa_Upper_Hill: Samahani kwa kuchelewa. Nimepitia kalenda ya mwezi uliopita: kichwa kiliuma siku 17, nyingi kwa kubana pande zote mbili, na siku tatu hivi kwa kugonga upande mmoja pamoja na kichefuchefu. Dawa ni zile za dukani zenye aspirini, parasetamoli na kafeini kwa pamoja. Nilizimeza siku 13. Nimekuwa hivyo tangu Januari, na sasa tuko Juni.

Fundi_wa_Viungo: Hapo sasa tunazungumza. Dawa ya mchanganyiko kama hiyo ikimezwa siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, inaweza yenyewe kuwa chanzo cha maumivu yanayorudi. Kwa parasetamoli peke yake, kiwango cha kuogopa ni siku 15. Umemeza siku 13, na kichwa kinauma zaidi ya nusu ya mwezi. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo, maana huo ni uamuzi wa daktari, lakini ningemwona yeye kabla ya kulipa shilingi 9,000. Akikupunguzia dawa, siku za mwanzo, pengine hadi wiki mbili, kichwa huweza kuuma kuliko sasa. Ukianza yoga wiki hiyo hiyo utailaumu bure, na ukianza baadaye utaisifu bure.

Karani_wa_Upper_Hill: Nimeshtuka. Kwa hiyo hivi vitatu havina maana?

Fundi_wa_Viungo: Vina maana yake, ila usivitwishe mzigo usio wao. Huko Delhi, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wenye kipandauso walioongeza yoga juu ya dawa zao kwa miezi mitatu walipata mashambulio machache kuliko waliotumia dawa peke yake. Walioongeza, hawakubadilisha. Kuhusu kutafakari, kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2021: siku za kipandauso zilipungua karibu sawa kwa waliotafakari na kwa waliofundishwa tu kuhusu ugonjwa wao, lakini maumivu hayakuwazuia waliotafakari katika shughuli zao kwa kiasi kilekile yalivyowazuia wale wengine. Yaani kichwa kinauma, lakini hakikutawali kama zamani.

Kunyoosha unaweza kuanza leo. Keti, shika ukingo wa kiti kwa mkono wa kulia, kisha shusha sikio la kushoto kuelekea bega la kushoto mpaka uhisi mvuto upande wa kulia wa shingo. Tulia sekunde 20 hadi 30 ukipumua, rudia mara tatu kila upande, na usikivute kichwa kwa mkono. Halafu rudisha kidevu nyuma, kama mtoto anayekikwepa kijiko cha dawa, bila kuinamisha uso. Mvuto ni sawa. Ganzi mkononi au kizunguzungu si sawa, acha mara moja.

Kijana_wa_Umoja: Si nilisema ni shingo?

Bi_Mwanakombo: Fundi, mwambie pia yale ya kukimbilia hospitali.

Fundi_wa_Viungo: Ahsante, shangazi. Kichwa kilicholipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, au kinachoandamana na homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, si cha mkeka wala cha jukwaa. Ni cha hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee_wa_Rongai: Na mto je? Mimi niliubadilisha mto mnene kwa mwembamba na shingo ikapoa.

Mkeka_wa_Alfajiri: Mzee, mimi mwembamba uliniumiza zaidi. Unalala ubavu au chali?

Karani_wa_Upper_Hill: Nimepata miadi ya daktari Alhamisi. Mwenye darasa anasema nafasi atanishikia hadi Jumatano tu, na amana hairudishwi. Sijamjibu bado.