Utafiti tendaji au dodoso kwa darasa langu mwenyewe? Naomba ushauri

Bint_Konde

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nasomesha hesabu skuli ya msingi huku Pemba, upande wa kaskazini, na huku najiendeleza shahada ya ualimu. Nipo kwenye pendekezo la utafiti na nimekwama.

Darasa langu la tano lina wanafunzi 52. Tatizo lao ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Ukiwapa 1/2 + 1/3 wengi wanaandika 2/5, yaani kiasi na kiasi, asili na asili, wamemaliza. Nimewasomesha KDS mpaka sauti ikanikauka. Siku ile wanapata, wiki inayofuata tumerudi pale pale.

Nilichoandika mwanzo ni kuwapa dodoso la maswali 20 la kukubali na kukataa, mfano "Mwalimu anatumia zana za kufundishia", "Ninapenda somo la hesabu". Msimamizi wangu amelisoma, akaandika pembeni: "Kwa nini si utafiti tendaji?" Basi, hakuongeza neno. Wenzangu wa darasani wote wanafanya dodoso na wananiambia utafiti tendaji, yaani mwalimu kuchunguza na kubadili usomeshaji wake mwenyewe, unachukua muda na wakaguzi hawaupendi. Nichague lipi?

Mzee_wa_SPSS

Waalaykum salaam mwalimu. Usijisumbue, fanya dodoso. Kwanza ni rahisi kuchambua, pili utapata majedwali ya kujaza sura ya nne. Sampuli usihangaike, tumia kanuni ya Yamane, N ni wanafunzi wote na e ni kosa unalolikubali:

```
n = N / (1 + N × e²)
n = 52 / (1 + 52 × 0.05²) = 46
```

Chagua wanafunzi 46 kwa bahati nasibu, wape karatasi, wiki moja umemaliza. Utafiti tendaji hauna takwimu, ni kusimulia tu. Mtahini wa nje atakuuliza namba ziko wapi utamwambia nini?

Fundi_Hesabu_Mkoani

Mbona jambo hili dogo dada. Wafundishe njia ya kipepeo. Unazidisha kimshazari, 1 × 3 na 1 × 2, unajumlisha unapata 5, halafu asili kwa asili unapata 6. Jibu 5/6. Wangu wote wanapata. Huhitaji utafiti wa aina yoyote hapo.

Bint_Konde

Ahsante kaka, lakini sikuuliza namna ya kusomesha, nauliza namna ya kuchunguza. Na hiyo ya kipepeo wanaijua kutoka tuisheni. Wanaitumia hata kwenye kuzidisha.

Maalim_Mstaafu

Nimecheka hapo pa kuitumia hata kwenye kuzidisha, maana hiyo ndiyo dalili yenyewe. Nimesimamia kazi za walimu miaka mingi, niruhusuni niseme kwa urefu kidogo.

Tuanze na hao 46 wa Yamane. Kanuni ile ni ya mtu asiyeweza kuwafikia watu wote, kwa hiyo anachukua baadhi ili awasemee wengine. Wewe wote 52 unawaona kila asubuhi. Ukiwatoa sita umepata nini? Na hao 46 hawawasemei watoto wa skuli nyengine yoyote, kwa sababu hawakuchaguliwa kutoka huko. Ungekuwa unauliza "kosa hili limeenea kiasi gani katika wilaya yetu?", hapo sarvei ndiyo kazi yake: orodha ya skuli, uchague skuli na wanafunzi kwa bahati nasibu, chombo kimoja kwa wote. Hilo ni swali zuri kabisa, ila silo lako. Wewe umeandika "nimewasomesha, wanapata, wanasahau". Unataka kujua kwa nini, na ufanye nini kibadilike.

Pili, tazama maswali yako. Mtoto wa miaka kumi anakabidhiwa karatasi na mwalimu wake mwenyewe, imeandikwa "Mwalimu anatumia zana". Atajibu nini? Atakubali. Na hata akijibu kwa ukweli wake wote, hakuna swali hata moja kati ya 20 linalogusa sehemu. Utapata jedwali linalosema asilimia kadhaa wanapenda hesabu, na 1/2 + 1/3 itabaki 2/5.

Sasa utafiti tendaji. Mwanasaikolojia Kurt Lewin alipoandika juu yake mwaka 1946 alizungumzia mzunguko: unapanga, unatenda, unachunguza kilichotokea, kisha unapanga upya kwa ulichokiona. Namba zimo, Mzee_wa_SPSS, tena za kutosha. Ingekuwa mimi ningeanza hivi.

Kabla ya kubadili kitu, wape jaribio fupi la maswali manane ya kujumlisha sehemu, bila maelezo marefu, na useme wazi kwamba halimo kwenye maksi. Usisahihishe kwa vyema na mkosa. Andika kila jibu baya ni la aina gani. Aliyejumlisha juu na chini, weka kundi lake. Aliyepata asili 6 sawa lakini akaacha viasi vilevile, 1 + 1, akaandika 2/6, huyo ni kundi jengine na maradhi yake mengine. Aliyekosea kuzidisha tu, jengine tena. Halafu chagua watoto wachache kutoka kila kundi, ukae nao mmoja mmoja, uwape swali na kalamu, useme "nieleze unavyofanya". Usiwasahihishe. Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na dodoso halikufikishi hapo.

Bint_Konde

Maalim, nilifanya hivyo na watoto wanne leo baada ya kipindi, kwa kujaribu tu. Mmoja nimemuuliza 2/5 na 1/2 ipi kubwa. Kasema 2/5, "kwa sababu 2 ni kubwa kuliko 1 na 5 ni kubwa kuliko 2". Nimenyamaza.

Maalim_Mstaafu

Basi umepata kitu. Huyo haoni sehemu kama namba moja, anaona namba mbili nzima zimepandana. KDS kwake ni hatua za kukariri zisizo na kitu chini yake, ndiyo maana zinadumu wiki moja. Na kipepeo ni vivyo hivyo, kinampa jibu bila kumwonyesha kwa nini.

Kwa mzunguko wa kwanza badili kitu kimoja tu. Tuseme vipande vya karatasi vya urefu wa sentimita 12. Nusu ni sentimita 6, theluthi ni 4, ukiziunganisha ni 10 kati ya 12, yaani 5/6. Kisha mwambie apime 2/5 ya kipande hichohicho. Atapata 4.8. Amejumlisha kitu kwenye nusu na jibu limekuwa dogo kuliko nusu yenyewe. Mwache aone. Ukileta vipande, na kazi za vikundi, na zawadi, vyote wiki moja, matokeo yakibadilika hutajua kilichofanya kazi ni kipi.

Baada ya hapo jaribio la pili, aina ileile lakini namba nyengine, maana wakikutana na maswali yaleyale utakuwa umepima kumbukumbu. Na la tatu wiki kadhaa baadaye bila kuwatangazia. Kwa tatizo lako, hilo jaribio la tatu ndilo muhimu zaidi, kwa sababu ulilalamikia kusahau. Ukiona kundi la "juu na chini" limepungua lakini la "2/6" limeongezeka, hujashindwa: wamehama hatua. Mzunguko wa pili unaanzia hapo, kwenye namna ya kubadili viasi. Ukisita baada ya mzunguko mmoja, umefanya jaribio la kabla na baada tu, na mtahini anayejua atakwambia hivyo.

UmmuSalha_Chake

Mimi nataka kutetea dodoso kidogo. Langu lilikuwa la utoro, skuli kadhaa za sekondari. Nilitaka kujua upo kiasi gani na wapi, nisingeweza kuwa kila darasa, dodoso ndilo lililonifaa. Ila wanafunzi wengi walitia alama "ugonjwa". Nilipofungua madaftari ya mahudhurio nikaona majina yanapungua msimu wa karafuu. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa wanaokota na kuchambua nyumbani. Kwa hiyo ukifanya dodoso, liwe na kitu cha kulipima ukweli wake.

Na hili likuhusu wewe Bint_Konde: usipange mzunguko wako ukaangukia msimu. Watakaofanya jaribio la kwanza hawatakuwa walewale wa la pili.

Maalim_Mstaafu

Ahsante Ummu. Linganisha waliofanya majaribio yote tu, na useme waliokosekana ni wangapi na walikuwa kundi gani. Mara nyingi wanaokosekana ndio waliokuwa chini, wakitoka hesabu yako inapanda yenyewe.

Mzee_wa_SPSS

Nakubali ya Yamane, hapo nimepitiwa. Lakini bado nina hoja. Bila darasa la kulinganisha utajuaje kuwa ni vipande vya karatasi? Pengine wamekua tu, pengine ni tuisheni. Achukue 5B wasomeshwe kama kawaida, 5A wapate vipande, alinganishe.

UmmuSalha_Chake

Na 5B wamekosa nini wasipewe? Mwalimu anaamini kitu kinasaidia halafu anawanyima nusu ya watoto ili jedwali lipendeze?

Mzee_wa_SPSS

Hajui kama kinasaidia, ndio maana anatafiti. Na anaweza kuwapa 5B baadaye.

Maalim_Mstaafu

Hapa mimi niko katikati. Hoja ya Mzee ni ya haki: kwa utafiti tendaji hutaweza kudai kwamba vipande ndivyo vilivyosababisha, wala kwamba vitafaa Makunduchi. Andika hivyo wazi kwenye mipaka ya utafiti. Lakini 5B akiwa na mwalimu mwengine, unalinganisha vipande au unalinganisha walimu? Hilo nalo halijibiki kirahisi. Kinachokusaidia zaidi ni mwalimu mwenzako akae nyuma ya darasa kipindi kimoja kwa wiki, aandike anachokiona, na asome upya sampuli ya karatasi ulizozipanga makundi bila kuona ulivyozipanga. Mkitofautiana kwenye karatasi nyingi, makundi yako hayajakaa sawa.

Na ruhusa usizisahau. Mwalimu mkuu, kibali kupitia chuo, wazazi, na mtoto mwenyewe awe na njia ya kukataa. Kukataa mbele ya mwalimu wako ni kugumu, kwa hiyo mpe mwenzako azikusanye fomu, wewe usione nani karudisha na nani hakurudisha mpaka maksi za muhula zimetoka. Kwenye ripoti tumia namba, si majina.

Bint_Konde

Nimeandika upya swali langu: "Ninawezaje kuwasaidia wanafunzi wangu wa darasa la tano waione sehemu kama namba moja, ili wasijumlishe viasi na asili kila kimoja peke yake?" Dodoso nimelitoa, nimebakisha maswali matatu ya mwisho wa kila mzunguko kuhusu vipande, yajibiwe bila jina.

Ila mwalimu pekee aliye tayari kukaa nyuma ya darasa langu ni yule anayewasomesha tuisheni, aliyewafundisha kipepeo. Nimchukue?

Fundi_Hesabu_Mkoani

Mchukue. Atakuwa wa kwanza kuona pale utakapojidanganya.

UmmuSalha_Chake

Au wa kwanza kuona asichokitaka. Mtafute na wa pili.