Mrejesho: jibu la vekta lenye x2 na x4 huru

Niliuliza: "Nimebaki na x1 + 2x2 - x4 = 3 na x3 + 2x4 = 1, naandikaje jibu kwa vekta? Yangu inakataa."

Wasee, imekubali. Shida ilikuwa mbili: vekta zangu zilikuwa na namba mbili tu, za x1 na x3, juu nilidhani x2 na x4 zikiwa huru haziandikwi, kumbe lazima uandike x2 = s na x4 = t kama mistari yao kabisa. Pili, nilinakili 2 ya x2 bila kugeuza alama. Nikahamisha vizuri, x1 = 3 - 2s + t, x3 = 1 - 2t, halafu nikapanga namba tupu, za s, za t:

```
x = (3,0,1,0) + s(-2,1,0,0) + t(1,0,-2,1)
```

Kile kilinisaidia sana jana usiku, stima imepotea huku Kasarani nikitumia tochi ya simu, ni kurudisha kila vekta kwa ekwesheni. Ya kwanza lazima itoe 3 na 1, za s na t zitoe sufuri. Ile yangu ya zamani ya s, nikishaiongeza mistari ya x2 na x4 ikawa (2,1,0,0), ilitoa 2 + 2 = 4, hapo ndo nikaona kosa. Asanteni sana.