Moduli ya mama anayetoka damu: ifike ngazi ya tathmini au iishie kwenye kutumia?

Mkufunzi wa ukunga, mtoa mada: Habari za kazi wakuu. Tunapitia upya moduli ya saa 12 kuhusu kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, mwaka wa pili. Nimeandika matokeo 11 ya ujifunzaji, kuanzia "taja" hadi "tathmini". Mwenzangu ofisini anasema la mwisho nilifute, eti mwaka wa pili hawawezi. Linasomeka: "Mwanachuo atathmini mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua." Nifute au niache?

Nesi wa leba: Usifute! Mwanachuo anatathmini tangu wiki ya kwanza wodini. Akipokea zamu anapima presha, anahesabu mapigo ya moyo, anapapasa tumbo ajue kizazi kimekaza au kimelegea, anafunua pedi aone damu. Hiyo kama si tathmini ni nini? Mnaokaa maofisini ndio mnaotukuzia maneno.

Mwanachuo: Shikamooni walimu. Samahani, ngazi hizi ndizo zile za NTA? Yaani ngazi ya 4 wakumbuke, ya 5 watumie, ya 6 watathmini? Maana mimi niko ya 5 na mtihani uliopita tuliulizwa "tathmini".

Mtunga mitaala: Marahaba. Hapana, hizo ni ngazi mbili tofauti zilizogongana jina. NTA inasema cheti chako kiko wapi. Hizi tunazobishania zinasema akili yako inafanya kazi gani katika swali moja: inakumbuka, inaelewa, inatumia, inachambua, au inatoa hukumu. Hata ngazi ya 4 unaweza kuulizwa swali la kuhukumu jambo dogo.

Sasa dada wa leba, hapo ndipo Kiswahili kinatuponza. Hatua ya kwanza ya mchakato wa uuguzi, kukusanya taarifa za mgonjwa, tunaiita tathmini. Hatua ya mwisho, kuona kama tulichofanya kimesaidia, nayo tathmini. Halafu ngazi ya kujifunza nayo tumeipa jina hilohilo. Unachokieleza wewe, presha, mapigo, kizazi, pedi, ni kupima hali ya mama. Mwanachuo anaweza kufanya yote kwa kufuata orodha aliyoikariri, na bado hajahukumu chochote. Kwa hiyo mtoa mada, tatizo la sentensi yako si kwamba iko juu mno. Haijulikani iko wapi.

Mkufunzi mstaafu: Naongeza. Ngazi hupandwa moja baada ya nyingine. Bloom na wenzake, waliozitunga ngazi hizi mwaka 1956, waliweka tathmini kileleni, na kilele hufikiwa mwisho. Mwaka wa pili wamalize kutaja visababishi na kutumia mwongozo, kuhukumu waachiwe mwaka wa tatu.

Mtunga mitaala: Mzee wangu, nusu nakubali. Huwezi kuhukumu usichokijua. Ila si lazima umalize kozi nzima ndipo uhukumu kitu kimoja. Isitoshe, marekebisho ya mwaka 2001 yaliishusha tathmini hadi nafasi ya tano, juu yake ikawekwa kubuni. Kitenzi chenyewe hakikupi ngazi, ngazi inatokana na kazi unayompa. "Tathmini visababishi vinne vya kutoka damu" ni kukumbuka kulikovaa suti: atakuandikia kizazi kulegea, mabaki ya kondo, kuchanika, na damu kutoganda, basi.

Angalia tofauti. Ukimwambia mama ana kizazi kilichokaza vizuri lakini damu nyekundu inazidi kuchuruzika, kisha ukamuuliza chanzo kiko wapi, hapo anachambua. Lazima aone kwamba kulegea kumeondoka kwenye hesabu, atafute palipochanika.

Ili ahukumu, mpe uamuzi wa mtu mwingine. Kisa nilichokitunga: mtoto kazaliwa saa 2:10 usiku, oksitosini uniti 10 ikachomwa msulini palepale. Saa 2:30 damu kwenye mfuko wa kupimia ni mililita 650. Kizazi kinasuguliwa, kinakaza, kinalegea tena. Saa 2:40 dripu yenye oksitosini imewekwa. Kibofu hakuna aliyekigusa hadi saa 3:30, mpira wa mkojo ukatoa mililita 700, na kizazi kikaanza kukaza. Damu ikawa bado inavuja kidogo, ndipo saa 5:40 akapewa asidi ya traneksamiki gramu 1. Mama akapona.

Swali: uamuzi upi ulikuwa sahihi, upi haukuwa, kwa kigezo gani? Wengi wataandika "alihudumiwa vizuri kwa sababu alipona". Huyo hajafika. Aliyefika atasema kibofu kilichojaa huzuia kizazi kukaza, kwa hiyo kilipaswa kukaguliwa mapema, na kwamba traneksamiki hutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Hapa zimepita saa 3 na nusu. Na atasema hayo licha ya mama kupona.

Nesi wa leba: Hapo nimekuelewa. Lakini usiku kama huo sisi huwa tuko wawili na akina mama tisa. Mwanachuo aliyekaa darasani amhukumu nani?

Mtunga mitaala: Haki yako. Ndiyo maana kigezo kitajwe ndani ya tokeo lenyewe, na kisa kieleze watumishi na vifaa vilivyokuwepo. Asipojua mko wawili, atakuwa analaumu tu.

Mtoa mada: Kisa hichohicho nikikifundisha darasani kisha nikakiweka kwenye mtihani?

Mtunga mitaala: Umeshuka hadi kukumbuka. Watakuletea majibu yako mwenyewe. Kisa cha mtihani kiwe kipya. Njia rahisi ya kugundua: kama karatasi 20 za kwanza zina sentensi zilezile kwa mpangilio uleule, ujue hazikutoka kwenye akili ya mtu.

Mkufunzi mstaafu: Na kusugua kizazi je? Umekiweka ngazi gani?

Mtunga mitaala: Hakuna hata moja kati ya hizi. Hiyo ni kazi ya mkono, ipimwe kwenye mwanasesere, mkono ukiwa pale unapotakiwa. Miller mwaka 1990 alitenganisha anayejua, anayejua namna, anayeonyesha na anayetenda. Ukimwandikia "aeleze jinsi ya kusugua" umepima mdomo.

Mtoa mada: Basi kutoka 11 nimebaki na matano. Ataje visababishi vinne. Aeleze kwa nini kizazi kilicholegea huacha mishipa ya damu wazi. Aonyeshe kusugua kizazi na kuandaa dripu kwenye mwanasesere. Atambue chanzo cha damu kutokana na rekodi ya mgonjwa. La tano: "Akipewa rekodi asiyoijua ya mama aliyetoka damu, pamoja na idadi ya watumishi na vifaa vya zamu hiyo, ahukumu maamuzi mawili yaliyofanywa kwa kigezo cha mwongozo unaotumika, na atetee hukumu yake."

Nesi wa leba: Hapo kwenye "mwongozo unaotumika" usibadilishe ukaandika namba. Sisi tulikariri mililita 500, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani limesema usingoje hadi hapo: ikifika 300 na mapigo au presha vimeharibika, anza.

Mkufunzi mstaafu: Zuri. Sasa niambieni: wanachuo 140, wakufunzi watatu, kila mmoja katetea hukumu kurasa mbili. Mtasahihisha lini? Mnajua kitakachotokea. Mtatunga majibu ya kuchagua A hadi D na kuyaita tathmini.

Mtunga mitaala: Nusu ukurasa, maamuzi mawili, alama 10: nne za kigezo, nne za sababu, mbili za hukumu yenyewe.

Mkufunzi mstaafu: Nusu ukurasa mara 140 ni kurasa 70, tena wakufunzi wawili wasahihishe karatasi moja waone kama wanakubaliana. Mimi bado nasema mwaka wa tatu, darasa likishapungua.