Tupeane uzoefu: kampuni ya foreksi imekuonyesha RCCM, usajili wake wa biashara, ulihakikishaje kama ina ruhusa?

Kasongo wa Katuba
Wandugu, hapa tuweke njia za kuhakikisha tu, majina ya kampuni tuyaache. Kuna ofisi imefunguliwa hapa Lubumbashi. Inapokea dola 500 kwa mtu na inasema itamchezeshea foreksi, yeye alipwe asilimia 12 kila mwezi. Ukiuliza ruhusa unapewa bahasha yenye karatasi tatu: RCCM, cheti cha kampuni cha Uingereza, na barua yenye nambari ya FSP, leseni ya watoa huduma za fedha ya Afrika Kusini. Zote zina kashe. Waliowahi kufuatilia karatasi kama hizi, mlianzia wapi?

Mama Nadine
Kama RCCM ipo, serikali inawajua. Duka langu linayo, na watu wa kodi hawanisahau hata mwaka mmoja. Mimi naona wako sawa.

Mzee wa Grefu
Mama, serikali inawajua, hapo umesema kweli. Lakini inawajua kama inavyolijua duka lako. RCCM inasema mtu fulani anafanya biashara fulani mahali fulani, basi. Haimpi ruhusa ya kukusanya makuta ya watu.

Kasongo, isome ile nambari yenyewe. Inaanza na CD, inafuata alama ya mji, neno RCCM, tarakimu mbili za mwaka, herufi moja, kisha nambari. Itazame hiyo herufi. A ni mtu binafsi mwenye biashara yake, B ni kampuni. Halafu chukua nambari uende grefu ya Mahakama ya Biashara, uombe dondoo ya usajili. Ulinganishe vitu vinne: jina, anwani, jina la jeran, na shughuli iliyoandikwa. Fotokopi waliyokupa wao usiitumie kwa lolote zaidi ya kunakili nambari.

Kasongo wa Katuba
Nimetazama sasa hivi. Imeandikwa 23-A. Lakini kwenye risiti yao jina linaishia na SARL.

Mzee wa Grefu
SARL ni kampuni, haiwezi kuwa na A. Ama ni usajili wa duka la mtu mmoja wao, ama wameuokota kwa mtu mwingine kabisa. Dondoo itakuonyesha ni lipi. Mara nyingi utakuta pameandikwa "biashara ya jumla, kuagiza na kusafirisha bidhaa". Na hata wangekuwa na B, hata statuti zao zingetaja fedha na uwekezaji, shughuli hiyo wameiandika wao wenyewe wakati wa kujisajili. Anayetoa agrema ya kupokea akiba za watu ni Benki Kuu, si grefu.

Papa Ilunga
Hiyo agrema wanayo! Niliingia mle ofisini, imetundikwa ukutani: agrema ya Benki Kuu, ofisi ya kubadilisha fedha. Foreksi si kubadilisha fedha? Mbona makambisti wa barabarani hamwaulizi kitu?

Chansa
Papa Ilunga, jina ndilo linalochanganya, na wao wanalijua hilo. Agrema ya kubadilisha inakuruhusu kununua na kuuza noti: mtu analeta dola, anaondoka na franka, mmeachana palepale. Haikuruhusu kubaki na dola zake miezi sita ukimwahidi faida. Vivyo hivyo agrema ya ushirika wa akiba na mikopo: inahusu wanachama wake, si kila anayepita njiani.

Kwa hiyo ukifungua orodha za taasisi zilizokubaliwa kwenye bcc.cd, usitosheke kuliona jina. Tazama limo katika orodha gani, maana benki wana yao, mikrofinansi yao, ushirika yao, na wabadilishaji yao. Orodha uipakue mwenyewe. Ile inayozunguka WhatsApp kama PDF mtu anaweza kuongeza mstari mmoja, tena kwa herufi zilezile.

Mama Nadine
Na cheti cha Uingereza? Kile kina nembo nzuri kweli.

Chansa
Nembo ni ya kweli, na huenda cheti chenyewe ni cha kweli. Hadi Aprili 2024, kusajili kampuni Uingereza kwa mtandao kuligharimu pauni 12. Kwenye cheti kuna nambari ya herufi au tarakimu nane. Iingize kwenye ukurasa wa kutafuta wa Companies House, ni bure. Tazama tarehe ya kuanzishwa, kisha nambari ya shughuli inayoitwa SIC. Ukikuta 99999, hiyo ni kampuni iliyolala, haifanyi biashara yoyote. Ruhusa ya fedha kule inatolewa na FCA, na daftari lake ni jingine: register.fca.org.uk. Aliyeko kwenye la kwanza tu hana ruhusa yoyote ya foreksi.

Kasongo wa Katuba
Nimeitafuta. Imeanzishwa miezi saba iliyopita, SIC ni hiyohiyo 99999. FCA hawapo. Lakini ile FSP ipo! Nimeiona kwenye fsca.co.za, daftari la FSCA, wasimamizi wa fedha wa kule, hali yake "Authorised".

Chansa
Polepole. Ulitafuta kwa nambari au kwa jina?

Kasongo wa Katuba
Kwa nambari.

Chansa
Na jina lililotokea?

Kasongo wa Katuba
Linafanana. Neno la kwanza ni lilelile, la pili tofauti. Category I.

Chansa
Basi nambari ni ya watu wengine. Wanachagua kampuni halisi yenye jina la karibu ili mtu akiona "Authorised" afunge simu. Na hata ingekuwa yao, Category I ni ya kutoa ushauri na kupeleka maagizo ya mteja. Anayeamua mwenyewe namna ya kuchezesha fedha zako anahitaji Category II.

Watakujibu kuwa wanafanya kazi chini ya leseni ya hiyo kampuni. Jambo hilo lipo kisheria kule, lakini wawakilishi huandikwa chini ya mwenye leseni. Piga simu kwa nambari iliyo kwenye daftari la FSCA, si iliyo kwenye barua, uulize kama wanawajua hawa wa Lubumbashi. Na linki ya "kuhakikisha" waliyokutumia wao usiibonyeze, andika anwani kwa mkono. Nimeona daftari zima la uongo likiwa na sehemu ya kutafuta, na kila nambari unayoingiza inatoka "Authorised".

Papa Ilunga
Kwa hiyo broka wa nje mwenye leseni safi anaruhusiwa kufungua ofisi hapa?

Mzee wa Grefu
Leseni ya kule ni ya kule. Akipokea makuta hapa, suala ni la Benki Kuu ya hapa.

Chansa
Mzee, akipokea ndiyo. Je, akiwa anafundisha tu, na mteja anajitumia mwenyewe kwa kadi yake hadi nje?

Mzee wa Grefu
Hapo mimi ningeandika barua kwa Benki Kuu ofisi ya hapa mjini, ningengoja jibu lenye sahihi. Mdomo wa karani haunitoshi.

Mama Nadine
Utangoja hadi mvua zirudi, Mzee.

Kasongo wa Katuba
Nimeongeza jambo moja. Nimejaribu nambari yao ya kulipia kwenye simu, nikasimama kabla ya kuweka PIN. Jina lililotokea ni la mwanamke. Halimo kwenye RCCM, halimo kwenye cheti, wala kwenye barua. Kesho saa tatu niko grefu kuomba ile dondoo, nione kama yuko humo.