Mrejesho: vigezo vya kusahihisha jalada la sanaa

Niliuliza: nitasahihishaje jalada la sanaa, yaani mkusanyo wa michoro na kazi za mwanafunzi, bila picha ya mwisho kumeza alama zote?

Assalaam alaykum, nimerudi. Alama 100 nimezigawa hivi: mchakato 35, ufundi 30, tafakuri 20, kazi iliyokamilika 15.

Kilichofaa zaidi ni ule ushauri wa kueleza kila daraja kwa kitu kinachoonekana. “Mchakato mzuri sana” kila mwalimu atausoma kivyake. Sasa daraja la juu linataka michoro ya awali yenye tarehe, wazo lililojaribiwa likaachwa, na mabadiliko unayoweza kuyafuata mpaka picha ya mwisho.

Mwanafunzi mmoja hapa Wete kachora mlango wa nakshi kwa rangi za maji. Rangi imetambaa kwenye fremu, kwa hiyo kazi ya mwisho kapata 7. Lakini daftarini kabandika vipande alivyojaribia rangi: karatasi mbichi, yenye unyevu, kavu, na kaandika kipi kinashika ukingo wa nakshi. Mchakato nimempa 31. Mwenzake kaleta picha safi, ila michoro yake yote ni ya kalamu moja, haina mstari uliofutwa, na inafanana na picha kama pacha. Nilipomuuliza, akakiri michoro hiyo kaichora baada ya picha. Mchakato kapata 9.

Tafakuri ndiyo iliyotugombanisha na mwalimu mwenzangu tuliposahihisha majalada yaleyale, kila mtu kivyake. Yeye alivutiwa na insha tamu. Tumekubaliana tutafute uamuzi, sababu na matokeo tu, na asiyeweza kuandika vizuri aruhusiwe kueleza kwa mdomo.