Stima ikipotea malipo yanapotea, nimeweka fagio la kila dakika 10 na bado hayaingii. Nisaidieni

kisima_nakuru
Wasee habari za jioni. Niko Nakuru, tuna kisima upande wa Kiamunyi, tunauzia nyumba maji kwa zile mita za kulipa kwanza. Mtu akilipa kwa simu, kampuni inayotuunganisha na malipo inapiga webhuku kwa seva yetu, seva inaomba tokeni kwa mtambo wa tokeni, tokeni inaenda kwa meseji. Seva ni kompyuta tu iko ofisini, msinicheke.

Juzi stima ilipotea 18:40 ikarudi 21:10. Watu 23 walilipa wakati huo na hakuna hata mmoja alipata tokeni, kuna mama alinipigia mara nne ndoo zimekauka na pesa imeshakatwa. Hiyo kampuni hujaribu tena mara chache kisha inanyamaza, hilo nilikuwa najua ndio maana nilishaandika fagio, yaani skripti ya cron kila dakika 10 inauliza API yao "nipe malipo yote tangu la mwisho nililonalo". Nilijua stima ikirudi fagio litaokota yote 23. Liliokota sufuri, na kwa logi hakuna kosa lolote, linasema tu limemaliza vizuri. Hapa ndipo linapoanzia:

```sql
SELECT max(paid_at) FROM malipo;
```

Nimekwama wapi?

omera_wa_milimani
Omera nunua UPS kubwa au hamisha hiyo seva uweke kwa klaudi uache kuteseka. Mimi hapa Kisumu nilihama na sijawahi kulala vibaya tena.

kisima_nakuru
Kuhama tutahama bajeti ikikubali, lakini hata huko seva huwa inazimwa kusasishwa ama intaneti inakatika. Nataka kujua kwa nini fagio halikuokota kitu.

jamaa_wa_eldy
Hiyo ni masaa buda. API nyingi zinatoa saa za UTC na sisi tuko mbele kwa masaa 3, kwa hivyo unauliza malipo ya saa ambayo haijafika, unapata sufuri. Ilinipata na nikapoteza wiki nzima. Badilisha hapo utakuwa sawa.

kisima_nakuru
Nimeangalia, saa zao zina Z mwishoni na nazigeuza kabla ya kuhifadhi. Tena siku za kawaida nikizima seva dakika tano kwa mkono fagio linaokota vizuri. Wakati mwingine.

fundi_kakamega
Hilo neno "wakati mwingine" ndilo jibu lako. Niambie kitu kimoja, baada ya stima kurudi 21:10, webhuku ya kwanza iliingia saa ngapi, na fagio likakimbia saa ngapi?

kisima_nakuru
Webhuku 21:12. Fagio 21:20.

fundi_kakamega
Basi ndio hiyo. Saa 21:12 mtu mmoja alilipa, webhuku yake ikaingia kawaida kwa sababu seva ilikuwa imeshaamka. Sasa `max(paid_at)` ikawa 21:12. Fagio likaja 21:20 likauliza "nipe kila kitu tangu 21:12" na API ikajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hakuna kipya. Lile shimo la 18:40 hadi 21:10 liko nyuma ya mgongo wa fagio na halitageuka kuliangalia milele. Ukizima kwa mkono linaokota kama fagio limetangulia webhuku ya kwanza, likichelewa linaruka shimo. Ni bahati tu.

Fagio lazima liwe na alama yake lenyewe, kwa jedwali lake, ambayo webhuku haiwezi kugusa. Alama inasema "nimefagia hadi hapa", haijali malipo gani yameingia kwa njia nyingine. Juzi alama ingekuwa imebaki 18:30, fagio la 21:20 lingeanzia hapo na 23 zote zingeingia. Na usiisogeze hadi umalize kurasa zote za jibu bila kosa, API ikikupa kurasa 3 na ya tatu ikafeli, alama inabaki pale pale.

Pia usianzie kwenye alama yenyewe, rudi nyuma robo saa. Kuna malipo yana saa ya 18:29 lakini yanaonekana kwa API 18:33, ukianzia 18:30 kamili yamekupita.

jamaa_wa_eldy
Sasa akirudi nyuma si ataleta malipo yale yale mara mbili, mtu apate tokeni mbili za maji ya bure? Aangalie kwanza kama namba ya muamala iko ndio aingize.

fundi_kakamega
Kuangalia kwanza kunasaidia nusu. Webhuku na fagio zikifika sekunde moja, zote zinaangalia, zote zinakuta hakuna, zote zinaingiza. Wacha databesi yenyewe ikatae. Weka UNIQUE kwa namba ya muamala, halafu:

```sql
INSERT INTO malipo (tx_no, mita, kiasi, paid_at, chanzo)
VALUES ($1, $2, $3, $4, $5)
ON CONFLICT (tx_no) DO NOTHING
RETURNING tx_no;
```

Ikirudisha mstari, wewe ndiye wa kwanza. Isiporudisha, mwenzako alishafika. Chunga tu, iwe namba ya muamala wa pesa, si namba ya webhuku. Webhuku huwa na namba yake, na API haitakupa hiyo ukifagia.

mama_programu
Samahani kuingilia, yangu ni ya GitHub, nilidhani wanatuma tena zenyewe kama Stripe ambayo hujaribu hadi siku 3. Kumbe GitHub ikifeli imefeli, unaomba mwenyewe irudiwe na una siku 3 tu za nyuma. Je, hili fagio lake linanifaa?

fundi_kakamega
Linafaa dada, ila wewe una njia rahisi zaidi, skripti isome orodha ya zilizofeli iombe zirudiwe. Iendeshe kabla siku 3 hazijaisha.

kisima_nakuru
Fundi nimebadilisha, nimezima seva nusu saa nikaiwasha, nikaacha webhuku moja itangulie makusudi. Fagio limeokota malipo 4 yote. Lakini nimeona kitu kinanitia wasiwasi. Malipo yakiingia halafu seva ikazimika kabla tokeni haijatengenezwa, fagio likirudi litakuta namba iko na kuiruka, si huyo mteja ameisha?

fundi_kakamega
Ameisha kabisa. Kwa hivyo tokeni isitengenezwe na yule anayeingiza. Webhuku na fagio kazi yao ni kuandika malipo tu, halafu skripti ya tatu inatafuta kila mstari ambao `tokeni IS NULL` na kuushughulikia. Hata stima ikipotea katikati, mstari unabaki unangoja.

Na ile `chanzo` usiipuuze, andika kama ni webhuku au fagio. Siku ya kawaida fagio linapaswa kuleta karibu sufuri. Ukiona linaleta kila kitu ujue webhuku imekufa, labda cheti cha seva kimeisha muda, na hungejua kwa sababu maji yanaendelea kutoka, yanachelewa dakika kumi tu.

omera_wa_milimani
Na mtambo wa tokeni ukikupa tokeni, halafu stima ikapotea kabla hujaihifadhi? Ile skripti ya tatu itaomba nyingine. Tokeni mbili.

fundi_kakamega
Hapo umenishika. Kama mtambo unakubali uutumie namba ya muamala na ukirudia ukupe tokeni ile ile, umepona. Wako unakubali?

kisima_nakuru
Nimewaandikia, sijajibiwa.